Juisi ya Ubuyu Haipitishi Mwanga

Shangazi alinijibu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde 9. Nilikuwa nimemtumia video fupi ya tangazo la juisi yake, na nilikuwa nimekaa na simu mkononi nikisubiri kusifiwa. Akasema, "Mwanangu, ni nzuri sana. Lakini hii chupa si yangu, na hiyo juisi sijui ni ya nani."

Nikairudia video. Chupa ilikuwa inajizungusha polepole juu ya kitu cheusi kinachong'aa kama maji ya usiku, taa zikiipiga kutoka nyuma, matone ya ubaridi yakiteleza ubavuni. Juisi ndani yake ilikuwa nyekundu na inawaka kama taa ya pikipiki. Kwa kweli ilikuwa nzuri. Na kwa kweli haikuwa ya shangazi.

Shangazi anaishi Masieda, wilaya ya Mbulu. Ubuyu wake unatoka upande wa bonde la Yaeda, kwenye mibuyu. Anauloweka, anautenganisha na mbegu, anauchemsha na sukari na iliki kidogo, anauchuja kwa kitambaa, kisha anaujaza kwenye chupa za nusu lita. Hatii rangi. Watu waliozoea ubuyu mwekundu wa Pwani humuuliza kwa nini wake ni mweupe, naye huwajibu kwamba ubuyu mtini ni mweupe, mwekundu ni wa dukani.

Mimi nipo Arusha, natengeneza mabango, kadi za harusi na, tangu mwaka jana, matangazo mafupi kwa akili mnemba. Kazi yenyewe ni kuandika prompti, yaani maelezo ya kile unachotaka kukiona, halafu programu inakuchorea video ya sekunde 8. Kuna prompti moja ambayo sisi wa kazi hii tunaitumia kama chumvi. Unabadilisha jina la bidhaa tu, mengine yanabaki:

```
A juice bottle rotating slowly on a black
reflective surface, studio lighting,
glowing liquid, water droplets, cinematic
```

Nilikuwa nimeitumia kwa sabuni, kwa asali, kwa mafuta ya nywele. Wateja walilipa, nami sikuwahi kuuliza kila neno linafanya nini. Shangazi ndiye aliyenilazimisha, kwa sababu siku tatu baada ya ile video nilikuta ameshaitumia. Aliipenda vilevile. Aliituma kwa mwenye duka mmoja wa mjini, mwenye duka akaagiza kreti mbili, na kreti zilipofika akapiga simu kuuliza juisi iliyoagizwa iko wapi, mbona hii ni kama uji, tena imeganda chini. Kreti moja ikarudi na basi. Nauli ya kurudi alilipa shangazi.

Hakunilaumu. Ndiyo tabia yake, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Nikamtumia nauli ile, kisha nikakaa chini na ile prompti, neno kwa neno, kama mtu anayekagua bili ya maji.

Neno lililoniponza zaidi ni "glowing", yaani inayong'aa kutoka ndani. Wapiga picha wa studio wana njia ya kuifanya juisi ing'ae hivyo, nayo si uchawi. Wanaweka mwanga nyuma ya chupa, au wanakata karatasi nyeupe yenye umbo la chupa na kuificha nyuma yake ili irudishe mwanga mbele kupitia kinywaji. Kinywaji kinapitisha mwanga, jicho linaona rangi. Hii inawezekana kwa rozela, kwa chai ya rangi, kwa soda. Ubuyu haukubali. Ndani yake kuna chembe ndogo za unga zinazoelea, kila chembe inautawanya mwanga upande wake, kwa hiyo mwanga unaoingia kwa nyuma hautokei mbele. Ni kama maziwa. Ukiweka taa nyuma ya chupa ya ubuyu, utapata chupa nyeusi yenye ukingo mweupe.

Sasa programu ikiambiwa ubuyu ung'ae, itafanya nini? Inajua kung'aa kunafananaje, kwa sababu imefunzwa kwa picha nyingi mno za vinywaji vinavyopitisha mwanga. Kwa hiyo inabadilisha kinywaji. Niliomba aina ya mwanga, ikanipa aina nyingine ya juisi. Mwenye duka aliagiza kile alichokiona, na alichokiona hakijawahi kuchemshwa Masieda wala kokote.

Matone nayo yana hadithi yake. Chupa hutoa jasho pale inapokuwa na ubaridi wa kutosha na hewa inayoizunguka ina unyevu. Dar es Salaam ukitoa soda kwenye friji inalowa kabla hujafungua. Julai, Masieda, upepo ni baridi na mkavu, na chupa za shangazi zinakaa kwenye ndoo ya maji kivulini. Hazitoi jasho. Tungeweza kusamehe matone, hata studio huyapuliza kwa chupa ya kunyunyizia iliyochanganywa maji na glisarini ili yasikauke haraka. Lakini matone yanamwambia mnunuzi kwamba kuna friji mahali fulani, na kwenye njia ile yote ya juisi hii, kutoka jikoni hadi dukani, friji haipo.

Halafu kuna kujizungusha. Hapa nilipoteza wiki nzima, na sijutii.

Kiswahili chetu kina neno "zunguka" linalobeba mambo mawili. Kidato cha kwanza, kwenye jiografia, tulilazimika kuyatenganisha: dunia inajizungusha yenyewe kwenye mhimili wake, na dunia inalizunguka jua. Tangazo lina shida ileile. Chupa ikijizungusha mbele ya kamera iliyosimama ni jambo moja. Kamera ikiizunguka chupa iliyosimama ni jambo jingine. Ukiangalia lebo peke yake huwezi kuzitofautisha, kwa sababu katika zote mbili lebo inapita mbele ya macho yako. Tofauti iko kwenye mng'ao.

Chukua chupa yoyote ya duara, iweke karibu na dirisha, uizungushe taratibu kwa vidole. Utaona mstari mweupe wa dirisha ubavuni mwa chupa. Lebo inakwenda, mstari haukwendi. Dirisha halijahama, wewe hujahama, na ubavu wa chupa ni uleule kila upande, kwa hiyo mstari unakaa palepale huku maandishi yakipita chini yake. Ukiiacha chupa na wewe ndiye ukazunguka, mstari utahama pia.

Kwenye video yangu mistari ya mwanga ilikuwa inazunguka pamoja na lebo, kana kwamba imepakwa rangi juu ya plastiki. Kabla ya hapo nilikuwa nahisi tu kwamba video hizi zina kitu kisichokaa sawa, jicho linakataa lakini halisemi kwa nini. Sasa nikawa najua pa kuangalia. Pa pili ni chini, kwenye kivuli cha kioo. Chupa ikisimama juu ya kitu kinachoakisi, picha yake ya chini imepinduliwa, na lebo ya chini lazima ipite kuelekea upande uleule na ya juu, kwa mwendo uleule. Kwenye video yangu ya juu ilizunguka, ya chini ikasimama kama inamsubiri mtu.

Na upande wa nyuma wa chupa? Nilikuwa nimeipa programu picha moja, ya mbele. Chupa ilipogeuka nusu, programu haikuwa na kitu cha kuonyesha, ikabuni. Nilisimamisha video na kuikuza. Kulikuwa na mistari ya herufi zisizo za lugha yoyote pale ambapo panatakiwa kuwa na viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi, na pembeni yake alama ndogo ya duara, yenye herufi tatu zisizosomeka, inayofanana sana na alama ya ubora. Mikono ikanitoka jasho. Shangazi alikuwa bado hajapata leseni ya kutumia alama ya TBS. Tangu 2019, usajili wa vyakula ulipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mambo hayo yote yako kwa TBS, na kutumia alama yao bila leseni ni kosa la kisheria. Herufi hazikusomeka, sawa. Lakini jaribu kumweleza mkaguzi kwamba alama ile imejichora yenyewe.

Nikaandika upya. Mara hii niliandika kama mtu anayempa maelekezo kijana wa taa ambaye hajawahi kuiona bidhaa:

```
Opaque cream-white drink in a plastic bottle.
Camera locked. Bottle turns 30 degrees, stops.
One large soft light from the left.
Highlights stay still while the label moves.
Black glossy surface. No droplets.
```

Yaani: kinywaji cheupe kisichopitisha mwanga, kamera imefungwa, chupa igeuke nyuzi 30 tu isimame, taa moja kubwa laini kutoka kushoto. Nyuzi 30 ni kwa sababu ya mahesabu madogo. Chupa ikimaliza duara zima kwa sekunde 8, inakwenda nyuzi 45 kila sekunde, na jina lililo mbele linasomeka kwa kama robo ya duara. Hizo ni sekunde 2. Sekunde 6 zinazobaki mtazamaji anaangalia ubavu na mgongo, yaani zile sehemu ambazo programu inazibuni. Ukigeuza kidogo tu, jina linabaki machoni na mgongo hauonekani.

Matokeo yalikuwa bora kwa mbali. Juisi ikawa nyeupe, mistari ikatulia, matone yakaondoka. Lakini neno UBUYU kwenye lebo, kadiri chupa ilivyogeuka, lilijikunja na kuwa UBUUY, kisha kitu chenye U nne. Nilijaribu mara kumi na moja. Mara ya nane herufi zilitulia, lakini kifuniko kikabadilika kutoka bluu kuwa cha dhahabu. Nikawa kama mtu anayekamata kuku wengi peke yake, huyu ukimshika yule anatoka.

Ijumaa ile nikapanda basi kwenda Mbulu, begi langu likiwa na kigae kimoja cheusi cha sakafuni, kile kinachong'aa, nilichopewa na fundi aliyebakiwa nacho. Kondakta aliuliza kama nahamia. Nilichagua kigae kwa sababu kioo cha kujitazamia hakifai: kina sura mbili, ile ya juu ya kioo na ile ya rangi ya fedha iliyo nyuma yake, kwa hiyo kila kitu kinaakisiwa mara mbili na chini ya chupa unapata kivuli chenye mzimu. Kitu cheusi kinachong'aa kina sura moja tu. Mwanga usioakisiwa unamezwa.

Studio yetu ilikuwa mlango wa stoo. Tulitundika shuka jeupe mlangoni kuufanya mlango wote uwe taa moja kubwa laini, meza tukaiweka ndani kwa pembeni ili mwanga uingie kutoka kushoto, nyuma yake blanketi jeusi, na upande wa kulia karatasi ya manila nyeupe kurudisha mwanga kidogo usoni mwa chupa. Hapo ndipo ubuyu ulipotokea vizuri. Mwanga wa ubavuni haujaribu kupita ndani ya juisi, unaigusa tu, na juisi ikaonekana nzito kama ilivyo, yenye rangi ya siagi.

Kisha tukaona vumbi. Kigae cheusi kinaonyesha kila chembe, na Masieda ya Julai haikosi vumbi. Tulifuta, tukapiga, tukafuta. Nzi walikuja kwa ajili ya sukari. Upepo ulitikisa shuka na mwanga ukawa unapumua. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akauliza kama hizi ndizo kazi nilizosomea.

Chupa tuliiweka juu ya stendi ya keki inayozunguka, ya jirani anayeoka keki za kipaimara, na kigae tukakilaza juu ya stendi. Tukaona kosa mara moja. Kigae cha mraba kikizunguka, pembe zake zinaingia na kutoka kwenye picha. Kinachotakiwa kuzunguka ni chupa peke yake. Binamu yangu, yuko kidato cha pili, akachukua kifuniko cha ndoo ndogo ya rangi, akakata duara dogo kuliko kitako cha chupa, akalipaka mafuta ya kula chini, akaliweka katikati ya chupa na kigae. Halafu akafunga uzi mweusi mizunguko miwili kwenye kitako, akarudi nyuma ya blanketi, akaanza kuuvuta taratibu. Chupa ikageuka kama ina injini.

Na hapo, chupa ya kwanza ilipogeuka, lebo ikapanda. Ilianza chini kushoto na kadiri chupa ilivyozunguka ikawa inapanda kama uzi wa skrubu. Shangazi akainuka kwenye ndoo. Lebo anazibandika yeye na binti yake usiku, kwa gundi, kwa jicho, na mkononi chupa zote zinaonekana zimenyooka. Tulipopima, mwisho wa lebo ulikuwa juu ya mwanzo wake kwa milimita 4. Tukajaribu chupa nyingine sita. Iliyonyooka ilikuwa moja.

Hakusema neno. Alitoka akarudi na boksi la sabuni, akalikata kona, akalilaza ubavu ili kona iwe kama kitanda, akaiweka chupa ndani, kitako kimegusa ukuta wa boksi. Kisha akachora mstari kwa kalamu kwenye boksi mahali ukingo wa chini wa lebo unapotakiwa kukaa. Lebo ikafuata mstari, chupa ikaviringishwa ndani ya kona bila kuachia ule ukuta. Alibandika tano mbele yetu. Zote zilinyooka. Lile boksi bado analitumia, ameliwekea selotepu ili lisilowe.

Tulipiga hadi saa kumi. Wazo la mashapo lilikuwa lake pia. Mimi nilikuwa natikisa kila chupa kabla ya kuiweka, ili isionekane imeganda chini, kwani ndicho kilichomrudishia kreti. Akanizuia. "Iache ikae. Dukani si itakaa? Wamwone namna ilivyo, halafu waone inavyofanywa."

Kwa hiyo video inaanza na chupa iliyotulia kwa saa mbili, na tabaka la unga chini lenye urefu wa kucha. Inageuka nyuzi 30, jina linasomeka. Mkono wa shangazi unaingia, unaichukua, unaitikisa mara tatu, unairudisha. Inageuka tena, nyeupe yote. Sekunde 14. Kwa video za matangazo ni ndefu mno, na kama ingekuwa ya mteja mwingine ningeikata.

Alimtumia mwenye duka yuleyule. Siku mbili kimya. Siku ya tatu akaandika kuuliza kama anaweza kupata kreti moja, na kama ni kweli inatikiswa mara tatu au hata mbili zinatosha.

Ukiitazama kwenye simu kubwa, sekunde ya 5, juu ya kigae upande wa kulia, utauona uzi. Juu hauonekani kabisa, umepotea kwenye blanketi, lakini kigae kimeuakisi. Ningeweza kuufuta kwa dakika kumi. Binamu yangu kawaonyesha darasa zima.